Tupeane uzoefu: nywele kupukutika ghafla baada ya uzazi, homa au diet

mama_tunu: Jana nimemfumua mdogo wangu rasta, mwanae ana miezi minne, nywele zikatoka bonge zima akaangua kilio. Nikakumbuka yangu. Mliopitia semeni.

shangazi_mbagala: Mimi ilikuwa dengue ya 2019 hapa Dar. Nikapona nikasahau kabisa, kama miezi mitatu baadaye naoga maji hayaendi, kuinama nakuta nywele zimeziba tundu la bafu kama panya aliyelowa!! Nikapiga yowe, mume akaja mbio na fimbo akijua nyoka. Zikawa mpaka kwenye ugali, watoto wakasusa. Daktari wa ngozi akanigawa nywele kwa chanuo, kati, pembeni, kisogoni, kila mahali zimepungua sawasawa, ngozi safi, haina wekundu wala kovu. Akabana kama nywele 50 kwa vidole akavuta taratibu, zikaja nane. Akaniwekea kiganjani akasema, unaona huo mwisho mweupe kama punje? Hizo zilishalala tangu homa, sasa ndo zinaachia. Akapima damu na madini ya chuma basi, dawa hakunipa. Ilipofika miezi sita vinywele vifupi vikasimama kwenye paji kama brashi.

kidevu_tupu: Fimbo ya nini sasa 😂😂

dada_wa_pugu: Shemeji shujaa jamani 😂

queen_k: Kunyonyesha ndo kunamaliza nywele, amwanzishie mtoto kopo.

mama_tunu: Usimpotoshe mtu. Wa pili sikumnyonyesha hata siku moja na zilitoka vilevile. Ile mimba inazishikilia, ukijifungua homoni zinashuka, zote zinadai kutoka kwa pamoja.

queen_k: Haya daktari.

neema_tz: Mimi matango na mayai wiki tano nivae gauni la harusi. Gauni likaingia, nywele zikatoka.

fundi_bajaji: Mimi 34, zimeisha pande mbili za paji na utosini, sijaugua wala sijazaa 😀 nisubiri miezi sita?

nesi_mstaafu: Hapo mwanangu usisubiri, hicho kipara cha ukoo. Hazitoki kwa mabonge, kila zikiota upya zinakuja nyembamba zaidi mpaka zinakuwa malaika. Kwa wanawake unaona njia ya katikati inapanuka, mbele pamebaki.

fundi_bajaji: Mzee wangu ana afro!

nesi_mstaafu: Na wajomba?

fundi_bajaji: …wajomba tusiwaguse.

kidevu_tupu: Paka kitunguu maji.

neema_tz: Nilipaka, nikanuka tu.

mama_tunu: Nimerudi kumwangalia mdogo wangu vizuri. Pembeni ziko kama alivyosema shangazi, ila utosini kuna duara, ngozi inang'aa, vitundu vya nywele sivioni, anasema panamuwasha na kuunguza tangu kabla ya mimba.

nesi_mstaafu: Basi ana mawili. Za uzazi zitarudi, hiyo ya utosini inafunga vitundu na vikishafunga haioti tena. Asisuke, asiweke dawa ya kulainisha, apelekwe kwa daktari wa ngozi wiki hii.

mama_tunu: Alikuwa ameshaahidiwa kusukwa Jumamosi, nampigia sasa hivi.