Naomba ushauri: eleza, jadili na thibitisha katika ufahamu

Mzazi wa Chumbageni: Shikamooni wakubwa. Binti yangu, kidato cha tatu hapa Tanga, anakielewa kifungu cha habari lakini alama zinakatwa. Cha juzi kilihusu shamba la mkonge: kamba za nailoni ziliingia sokoni, bei ya mkonge ikashuka, kiwanda kikafungwa, vijana wakahamia mjini, na waliobaki wakagawana ardhi wakalima mahindi. Aliulizwa: "Je, mwandishi anaona kufungwa kwa kiwanda kuwa hasara kwa kijiji? Thibitisha." Akajibu: "Ndiyo, kwa sababu bei ilishuka, kiwanda kikafungwa na vijana wakahama." Amepata alama 1 kati ya 4, ingawa yote hayo yamo katika kifungu.

Baba Zawadi: Jibu ni fupi mno. Alama nne zinataka angalau sentensi nne.

Mwalimu Mstaafu, Pangani: Marahaba. Ndugu yangu Baba Zawadi, ni kweli kwamba alama hudokeza ukubwa wa jibu, lakini sentensi nne za namna ile zisingemwongezea kitu. Binti amesimulia jinsi mambo yalivyofuatana, na jibu hilo lingefaa kama swali lingekuwa "Eleza jinsi nailoni ilivyobadilisha maisha ya kijiji." Hapa ameulizwa mtazamo wa mwandishi. Kushuka kwa bei ni chanzo cha kiwanda kufungwa. Hakuonyeshi kwamba mwandishi anasikitika. Je, kuna maneno yanayoonyesha hisia zake?

Mzazi wa Chumbageni: Yapo, mwalimu. Anasema kijiji "kikabaki cha vikongwe na makufuli."

Mwalimu Mstaafu, Pangani: Huo ndio ushahidi. Aandike hivi: "Ndiyo, anaona ni hasara. Anasema kijiji 'kikabaki cha vikongwe na makufuli', na kwa kutaja makufuli anaonyesha nyumba zilizohamwa, yaani kijiji kilichopoteza watu wake wenye nguvu." Wengi hunukuu kisha wakaacha sehemu ya mwisho, inayounganisha nukuu na dai, na hapo ndipo alama hupotea. Angeambiwa "Jadili", yale mahindi yangelazimika kuingia, kwa kuwa ardhi iliyogawanywa ni faida. Angepima pande zote mbili ndipo aamue upi una uzito.

Kijana wa Bagamoyo: Mwalimu, mimi katika Jiografia niliambiwa nijadili nikaorodhesha faida sita, nikapata nusu ya alama. Je, niongeze hoja?

Mwalimu Mstaafu, Pangani: Hapana, mwanangu. Ulileta upande mmoja tu. Punguza faida, ulete na hasara.

Mama Tumaini: Naomba kuuliza: katika "Jadili" ya ufahamu, mtoto anaruhusiwa kuleta ya nje? Wangu aliandika kwamba Mjerumani Hindorf ndiye aliyeleta mkonge mwaka 1893, akakatwa.

Mwalimu Mstaafu, Pangani: Ni kweli kihistoria, lakini haipimi faida wala hasara ya kijiji kile. Mimi nisingempa alama.

Baba Zawadi: Hapo sikubaliani nawe, mwalimu. Swali likisema "kwa maoni yako", kumfunga mtoto ndani ya kifungu ni kumwonea.

Mwalimu Mstaafu, Pangani: Likisema hivyo, ninakubali maarifa ya nje, mradi hoja ianzie katika kifungu. Najua wasahihishaji wengine hawakubali hata hilo.