Mjadala: Je, kufuta majina kunatosha kuwalinda waliojibu hojaji ya kazi ya darasa?

Mleta mada: Tuligawa hojaji 45 kwa darasa zima kuhusu kunakili kwenye mtihani, zikarudi 32. Majina hatukuuliza, ila jinsia na umri tuliuliza. Kwenye fomu tuliahidi kwamba majibu hayatajulikana ni ya nani na kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote. Mwenzangu anasema ahadi imetimia, mimi nina shaka. Nani yuko sahihi?

Mpita Njia: Mwenzako yuko sahihi. Kama jina halipo, utamjuaje mtu? Tengenezeni jedwali la umri, na kundi lenye watu wachache lifichwe kwa kinyota. Imekwisha.

Mtakwimu: Kinyota ni wazo zuri, lakini peke yake hakimfichi mtu. Tuseme waliosema "ndiyo, nimewahi kunakili" ni 11 kati ya 32, na mmeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo. Kwenye jedwali, walio chini ya miaka 30 ni 29, na kati yao 8 wamesema ndiyo. Mstari wa walio juu ya miaka 30 mmeuficha. Msomaji anatoa 29 kwenye 32, anapata 3. Anatoa 8 kwenye 11, anapata 3. Wote watatu wamenakili! Na darasani kila mtu anawajua wanafunzi watu wazima ni akina nani. Dawa yake ni kuunganisha makundi, au kuacha kabisa kuyagawa majibu ya swali hilo kwa umri.

Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba kwa takwimu za Marekani, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta vingeweza kuwatofautisha takriban 87% ya watu. Kwenu darasa ni dogo zaidi, kwa hiyo hata umri na jinsia ni vingi.

Mleta mada: Sawa, umri tunauunganisha. Na ile ahadi ya kujitoa?

Mtakwimu: Hapo mliahidi mambo mawili yanayogongana. Kama hamjui jibu ni la nani, mtu akija kesho kusema "toeni langu" mtatoa lipi? Fomu ingesema hivi: "Unaweza kuacha wakati wowote kabla ya kurudisha fomu. Ukishairudisha hatuwezi kuitambua, hivyo hatuwezi kuitoa." Au mhojiwa ajitungie namba yake, aiandike juu ya fomu na kuitunza mwenyewe. Akitaka kujitoa anatuma namba kwa njia isiyomtaja. Kwa fomu zilizokwisha kurudi, andikeni kwenye ripoti kwamba ahadi hiyo ilikosewa. Msiifute kwenye kiambatisho.

Mama Hojaji: Ndugu zangu, mimi yangu iko Google Forms. Nimeshazima kukusanya barua pepe, kwa hiyo niko salama?

Mtakwimu: Dada, tazama pia safu ya `Timestamp`. Ukipitisha simu moja mkononi kwa mkono darasani, mpangilio wa saa ni mpangilio wa viti. Ifute kabla hujampa mwenzako faili.

Mama Hojaji: Asante. Na waliorudisha wachache, naweza kujaza pengo ili nifike idadi niliyoahidi kwenye pendekezo?

Mtakwimu: Hapana, huo ni uzushi wa data. Pengo lenyewe ni matokeo. Chukua mfano wa mleta mada: 11 kati ya 32 ni 34%, lakini fomu 13 hazikurudi. Kama hakuna hata mmoja kati ya hao aliyenakili, ni 11 kati ya 45, yaani 24%. Kama wote wamenakili, ni 24 kati ya 45, yaani 53%. Na kwa swali kama hili, mwenye la kuficha ndiye ana sababu zaidi ya kutorudisha. Kwa hiyo andika "kati ya 32 waliojibu", usiandike "theluthi ya darasa".

Mpita Njia: Nakubali kuhusu ile hesabu ya kutoa. Lakini mwalimu wetu anataka fomu ya ridhaa yenye sahihi kwa kila mhojiwa. Bila sahihi tutathibitishaje kwamba walikubali?

Mtakwimu: Hiyo sahihi huenda ndiyo karatasi pekee yenye jina. Mkiibana pamoja na hojaji, mmemaliza siri yote. Mimi ningeweka kisanduku cha kutia alama "nimesoma, nakubali" kwenye ukurasa wa kwanza.

Mpita Njia: Kisanduku mtu yeyote anaweza kukitia alama, hata mkusanyaji mwenyewe usiku chumbani kwake.

Mtakwimu: Kweli, na hilo silipuuzi. Sahihi zikilazimika, zikusanywe kwenye bahasha ya pili, ziende kwa mwalimu na zisirudi kwa kikundi.

Mleta mada: Kwetu mwalimu ndiye pia anayesahihisha huo mtihani.

Mtakwimu: Basi bahasha isiende kwake, maana orodha hiyo itamwonyesha nani alikubali kujibu na nani alikataa. Muulizeni kama mwalimu wa kozi nyingine anaweza kuishika. Akikataa, ningebadilisha mada ya hojaji kabla ya kumwomba mtu sahihi.

Mpita Njia: Mimi bado ningedai sahihi.