Tupeane uzoefu: intaneshipu, usajili na leseni ya mwaka (fizio na tiba kazi)

Goti_Moja: Nimeona intani analia koridoni leo, fomu yake ya kumaliza intaneshipu imerudishwa na baraza la taaluma, nikajikumbuka. Waliopitia semeni, wadogo zetu wajifunze.

DadaWaNyuro: Yangu ilirudi pia. Nilizungushwa miezi 12, vitengo vinne, kila kimoja wiki 12 na ushee: mifupa, nyuro, watoto, wagonjwa wa nje. Logibuku limejaa sahihi, nikapeleka nikijua nimemaliza. Baada ya wiki tatu naambiwa nyuro haihesabiki. Kumbe supavaiza wangu jina lake limo kwenye rejista ila leseni ya mwaka ule hakulipia, na mimi muda wote namwona anatibu wagonjwa wa kiharusi vizuri tu, nitajuaje? Kilichoniokoa ni fizio mwingine wa wodi ile, leseni yake hai, alikuwa ananipima kila Ijumaa na kuweka sahihi na tarehe. Karatasi zake zilikuwa za wiki 5. Wakazikubali. Wiki 7 nikarudia, bila posho.

Mkazi_wa_Wodi: Hilo nalijua jamani 😭

Kaka_Splinti: Sasa ukishasajiliwa si basi, kila mwaka tunalipia nini? Wizi mtupu.

Mama_Rejista: Mdogo wangu, usichanganye. Usajili ni jina lako kuingia kwenye daftari la taaluma. Leseni ni ruhusa ya kutibu mwaka huu. Usipohuisha jina linaweza kubaki pale, lakini ukigusa mgonjwa huna kibali, na intani unayemsimamia unamzamisha. Nimekaa kwenye kamati ya kupitia hizo fomu, kitu cha kwanza tulichoangalia ni namba ya leseni ya msimamizi na tarehe ya mwisho, halafu tunalinganisha na wiki alizosaini.

Kaka_Splinti: Nimekuelewa dada, ila ada mnatuonea. Nililipa mwezi wa kumi na moja, Desemba ikaisha!

Goti_Moja: Kwetu pia leseni inafuata kalenda. Ungesubiri Januari.

Mama_Rejista: Asubiri huku anatibu? Hapana. Asubiri kama hajaanza kazi.

TibaKazi_Mpya: Mimi niko tiba kazi, hospitali yetu haina mtu wa tiba kazi, anayenisainia ni fizio. Si ni kitu kimoja?

Kaka_Splinti: Ni kitu kimoja, wote rihabu.

DadaWaNyuro: Acha kumpoteza mtoto wa watu! Fizio atampimaje kwenye kumfundisha mgonjwa kuvaa shati kwa mkono mmoja, au kutengeneza splinti?

Mama_Rejista: Mwanangu, andikia baraza leo, kabla wiki hazijaongezeka. Uliza kama wanakubali msimamizi wa tiba kazi kutoka kituo kingine awe anakuja kukupima. Jibu litunze kwa maandishi.

TibaKazi_Mpya: Nina wiki 9 tayari. Hizo zimekwenda?