Maombi kimya, nina jina la afisa ajira: imeili, LinkedIn au Watsapu?

Kijana wa Chikongola: Wakuu, niko Mtwara mjini. Tarehe 3 niliomba kazi ya utunza stoo kwenye tovuti ya kampuni fulani, mwisho wa maombi ulikuwa tarehe 17. Leo 24, kimya. Afisa ajira wao nimemwona LinkedIn, imeili yake ipo kwenye tangazo, na namba yake nimepewa na jamaa wa bandarini. Nianzie wapi?

Msimbati Boy: Watsapu mkuu. Imeili zinaozea humo. Mimi nilituma asubuhi, jioni nikajibiwa.

Bi Shangani: Ulijibiwa nini?

Msimbati Boy: Nisubiri. Si jibu hilo?

Bi Shangani: Haya. Mdogo wangu, nimekaa ofisi ya ajira miaka tisa. Usihesabu toka tarehe 3, hesabu toka 17, maana wengi hatuanzi kuchambua mpaka dirisha lifungwe. Kwetu umesubiri wiki moja tu.

Sasa ingia tena kwenye akaunti uliyoombea, uone kama maombi yalitumwa kweli. Halafu tafuta ujumbe wa kupokelewa, hata kwenye folda ya spam. Ukiuona, tulia wiki nyingine. Usipouona, andika imeili. Hiyo naweza kumsukumia mwenzangu akague mfumo. LinkedIn mimi hufungua nikikumbuka. Namba ya jamaa iache, nitaanza kujiuliza nani kaitoa.

Kichwa cha imeili kiwe na jina la kazi, namba ya kumbukumbu na jina lako. Ndani iwe fupi:

"Habari. Niliomba nafasi ya Mtunza Stoo tarehe 3 kupitia tovuti yenu, sikupata ujumbe wa kupokelewa. Naomba kujua kama maombi yangu yamefika. Nimeambatanisha wasifu wangu."

Swali hilo nalijibu kwa dakika moja. Ukiuliza "nimechaguliwa?" sina jibu, orodha haijakamilika.

Mwalimu Nachingwea: Mimi niliomba ualimu Ajira Portal, nimwandikie nani?

Bi Shangani: Huko hakuna afisa wa kumwandikia binafsi, mwalimu. Angalia hali ya maombi ndani ya akaunti yako. Wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira.

Korosho Ghafi: Na tangazo likisema watawasiliana na waliochaguliwa tu? Mimi naona kuandika ni kujitafutia kisirani.

Bi Shangani: Kuuliza kama yamefika si kuuliza matokeo. Ila sikatai, wapo wenzangu wanakereka hata na hilo.

Kijana wa Chikongola: Dada, nimeingia. Imeandikwa "Draft". Sikubonyeza cha mwisho.

Bi Shangani: Pole. Basi ile imeili haifai tena. Mwambie ukweli kwamba maombi yalibaki rasimu, uulize kama bado wanapokea, uambatanishe kila kitu. Usisingizie mtandao, tarehe tunaziona.

Msimbati Boy: Hapo si bora apige simu tu?

Kijana wa Chikongola: Naandika imeili sasa hivi. Simu nitafikiria kesho.