Naomba ushauri: kushonwa mlango wa kizazi sasa au kusubiri vipimo?

Habari zenu dada zangu. Nimepoteza mimba mbili, ya wiki 20 na ya wiki 21. Zote hazikuwa na uchungu. Ile ya pili nilihisi uzito tu chini na ute mwingi, nikaenda kliniki, nikaambiwa njia imeshafunguka na chupa inaonekana. Watoto walizaliwa hai, hawakukaa.

Sasa nina wiki 13. Daktari wa kwanza anataka nishonwe wiki hii, uzi ukaze mlango usifunguke kwa uzito wa mtoto, kisha utolewe wiki ya 36 au 37. Wa pili anasema nipimwe kwa altrasaundi ya ukeni kila baada ya wiki mbili, nishonwe mlango ukipungua chini ya milimita 25 kabla ya wiki 24. Naogopa utafupika katikati ya vipimo viwili.

Mliopoteza mbili kama mimi, mlishonwa mapema au mlisubiri? Na baada ya kushonwa, mliendelea na kazi za kusimama? Mimi nashinda dukani nimesimama. Asanteni.