Naomba ushauri: nina "watu wangu" watatu katika timu ya watu tisa

Ndugu zangu, ninasimamia ghala la dawa lenye wafanyakazi tisa, na kwa miezi minane kazi ya kuhesabu mali mwisho wa mwezi nimewapa watatu wale wale. Sikuwachagua kwa undugu. Katika wiki zangu za kwanza walikubali kubaki jioni, nikawaamini, nikawapa funguo na taarifa mapema, wakazidi kuwa hodari, nami nikazidi kuwaegemea. Nadharia ya mahusiano ya kiongozi na mfuasi, iliyoasisiwa na George Graen na wenzake miaka ya 1970, inaeleza mzunguko huu huu: muda wa kiongozi haumtoshi kila mtu, hivyo kundi la ndani huundwa mapema, na walio nje hubaki kutimiza mkataba tu.

Dalili ninaziona. Wale sita hawaulizi swali kikaoni, na mwezi uliopita mmoja wao aliona katoni zilizokaribia kuisha muda akanyamaza, akidai kwamba hayo ni mambo ya wenyewe. (Kusema kweli, sikuweza kumlaumu.)

Mwaka 1995 Graen na Mary Uhl-Bien walishauri kiongozi ampe kila mmoja nafasi ya kujenga uhusiano wa karibu naye. Nafikiria kwamba, kila mwezi, mmoja wa wale watatu ahesabu pamoja na wawili kati ya wale sita, lakini nahofia wale wazoefu wataona wameshushwa. Je, nianze na zamu hizo, au kwanza nizungumze na kila mmoja faraghani?