Shoti 41, lokesheni tatu, Jumamosi moja: nipange vipi ratiba?

BintiBuru

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa kupanga siku ya kushuti filamu fupi ya kurasa tano. Lokesheni nimeshazikagua, wenyewe wamekubali, na leseni tunayo. Tuko watu wanane, waigizaji wawili wakiwemo. Siku ni moja tu, Jumamosi, kwa sababu kamera na taa ni za kukodi na anayeigiza mama hapati likizo kazini.

Mama ni fundi wa kushona, na kijana wake ameuza cherehani kisirisiri. Onyesho la 1 ni jikoni asubuhi, nyumbani Buruburu: mama anachemsha chai, kijana anamkwepa macho. La 2 ni kibandani kwake kando ya Barabara ya Jogoo, anafungua na kukuta meza tupu. La 3 ni jikoni tena, usiku, wanakabiliana. Hili ndilo refu kuliko yote, kurasa mbili. La 4 ni juu ya paa la ghorofa huko Zimmerman, machweo, kijana peke yake, hakuna maneno.

Nimeandika shoti 41 kwa kufuata skripti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila nikizipanga kwa saa hazitoshei. Nipunguze, au kuna mpangilio mwingine?

LenziMoja

Dada, shoti 41 mbona kidogo? Mimi ni mtu wa harusi. Kabla bibi harusi hajatoka kwao nimeshapiga zaidi ya hizo. Kamera mkononi, lenzi moja pana, unafuata watu wanavyokwenda. Achana na traipodi, ndiyo inayokula muda.

KipangaSeti

LenziMoja, harusi haingoji mpiga picha, na hakuna anayerudia kiapo ili upate klosapu. Hapa mama ataketi kwenye kiti kilekile na kusema maneno yaleyale mara nyingi, na kila mara taa na kinasa sauti lazima viwe sawa. Hesabu ni nyingine kabisa.

BintiBuru, kabla ya yote nijibu mambo mawili. Lokesheni ulizikagua siku gani, saa ngapi? Na dirisha la jikoni linatazama wapi?

BintiBuru

Zote nilizikagua Jumapili alasiri. Dirisha linatazama mashariki, nilipima kwa dira ya simu. Kibanda nacho mlango wake uko mashariki, na mbele kina kivuli cha mabati.

KipangaSeti

Vizuri, hizo dira ndizo zitakazokupangia siku. Ila barabara ya Jogoo ya Jumapili alasiri siyo ya Jumamosi. Jumamosi hii inayokuja nenda usimame pale kibandani kuanzia saa 8:30 hadi saa 11:00, usikilize tu na utazame nani anaegesha nini mbele ya mlango. Kama hapo jirani kuna fundi wa kuchomelea vyuma, Jumapili usingemjua.

Sasa orodha. Usihesabu shoti, hesabu vituo vya kamera. Kituo ni pale unapohamisha kamera na kupanga taa upya. Hapo ndipo muda unapokwenda. Chukua onyesho la 3. Kwa skripti utaandika: mama anasema, kijana anajibu, mama tena, kijana tena, na ukishuti hivyo utageuza taa kila sentensi. Badala yake, kamera ikimtazama mama, piga onyesho zima kwa shoti ya kiuno, kisha sogea upige klosapu. Ndipo ugeuze chumba mara moja, ufanye vivyo hivyo kwa kijana. Shoti kumi na tano za kwenye karatasi zinakuwa vituo sita au pungufu.

Kwa hiyo ongeza safu kwenye orodha yako: kamera inatazama upande gani, ina sauti au haina, na je, hadithi itaeleweka bila shoti hii. Kisha panga upya kwa lokesheni, halafu kwa upande wa kamera. Namba za skripti ziache zilivyo, zitaruka tu. Ukimaliza rudi utuambie una vituo vingapi.

MwangaWaKijani

Mimi nitaongeza la jua. Nairobi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa 6:30 mchana jua liko utosini. Watu wanapata vivuli vyeusi chini ya macho kama wamepigwa. Sheria yangu: mchana ingia ndani, nje nenda asubuhi na jioni. Anza kibandani saa 12:30 asubuhi, jikoni mchana, paa jioni.

BintiBuru

Nimepanga upya kama ulivyosema, KipangaSeti. Shoti 41 zimekuwa vituo 22. MwangaWaKijani, wazo la kuanza kibandani nalipenda, pia mwigizaji angeanza na onyesho jepesi. Sijui nifuate lipi.

KipangaSeti

MwangaWaKijani kuhusu jua la saa sita yuko sahihi, na mtu asishuti uso uwanjani saa hiyo kama hana kitambaa cha kulipunguza. Lakini katika siku hii jikoni haliwezi kuwa la mchana. Onyesho la 1 ni asubuhi na dirisha liko mashariki. Jua litaingia mpaka kwenye meza mapema, na kadiri linavyopanda ule mwale unarudi nyuma kuelekea dirishani mpaka unatoka kabisa. Ukifika mchana utabaki na dirisha jeupe lisilo na asubuhi ndani yake, na taa mlizokodi hazitaliiga jua. Kibanda nacho mlango uko mashariki: asubuhi kitapigwa jua la uso, alasiri jua liko nyuma yake na mlango wote uko kivulini, mwanga mmoja tulivu kwa saa mbili unusu. Kwa hiyo kibanda ni cha alasiri.

Hesabu nayo ni hii. Kikosi kifike saa 12:00 asubuhi, teki ya kwanza saa 1:00. Mwisho ni saa 12:45 jioni, giza likiingia. Hizo ni saa 11 na dakika 45. Toa saa moja ya chakula na saa mbili za kuhama mara mbili, unabaki na dakika 525. Kwa watu wanane wenye taa mbili tatu, kituo kimoja kinakula kama dakika 30 kwa wastani. Vituo 22 ni dakika 660, haviingii. Vituo 17 ni 510, vinaingia kwa kubanwa. Kata vitano, na uanzie kwenye safu ya zile ambazo hadithi inaeleweka bila hizo.

Ningeipanga hivi. Saa 1:00 hadi 3:00, onyesho la 1, vituo vinne, ukianza na vile vinavyoonyesha dirisha kwa sababu ndivyo vinavyopoteza mwanga. Nusu saa ya kuziba dirisha kwa kitambaa cheusi kutoka nje na kuwasha balbu ya jikoni. Saa 3:30 hadi 6:30, onyesho la 3, vituo sita. Mnakula hapohapo Buruburu kabla ya kupakia, maana mkila baada ya kuhama hamtaanza kwa wakati. Saa 8:30 hadi 11:00 kibandani, vituo vitano. Pale anza na shoti pana ya kutoka barabarani. Inatazama magharibi, na ukiichelewesha jua linashuka na kuingia kwenye lenzi. Saa 12:00 jioni mko kwenye paa, vituo viwili.

Lakini paa la Zimmerman haliwezekani. Kutoka Jogoo saa 11:00 jioni uingie Outering kisha Thika Road, hiyo saa moja haikutoshi. Tafuta paa Umoja Innercore, maghorofa ni mengi. Tena Umoja iko mashariki ya mji, kwa hiyo ukisimama pale jua linazama upande wa katikati ya jiji. Zimmerman jiji liko kusini, machweo yangekuwa pembeni.

SautiSafi

Nimeshika kinasa sauti miaka kadhaa, naomba niseme yangu. Friji ya jikoni izimwe kabla ya teki ya kwanza. Aliyeizima aweke funguo za gari lake ndani ya friji, hivyo hataondoka bila kuiwasha. Na kabla hamjaziba dirisha, wote mnyamaze nirekodi dakika moja ya ukimya wa chumba, halafu nyingine baada ya kuziba, kwa sababu kitambaa kinabadilisha sauti ya chumba.

Shoti zisizo na sauti, kama mikono inayofungua kufuli au uzi uliobaki mezani, usizipange saa maalum. Ziweke akiba. Adhana ikianza au ndege ikipita na hatuwezi kurekodi maneno, tunapiga hizo badala ya kukaa tunangoja.

Kibandani mama ana maneno mangapi?

BintiBuru

Sentensi moja, anamuuliza jirani, "Cherehani yangu iko wapi?"

SautiSafi

Basi makanga wasikusumbue. Tutaichukua pale kama itakavyokuwa, halafu nampeleka nyuma ya kibanda au ndani ya gari, madirisha yamefungwa, anairudia mara nne tano maiki ikiwa karibu na mdomo. Kwenye kuhariri tunaibandika. Kwa onyesho la 3 njia hiyo isingefaa, lakini sentensi moja inakubali.

MwangaWaKijani

Nimekuelewa kuhusu dirisha, KipangaSeti. Ila kwa onyesho la 3 mimi ningeanza na klosapu ya mama. Ni onyesho la kulia. Ukimpitisha kwanza kwenye shoti pana, ukifika usoni machozi yamekwisha.

KipangaSeti

Mimi naanza na shoti pana, kwa sababu ndiyo inayoamua kikombe kiko mkono gani na anasimama kwenye neno gani. Ukianza na klosapu utalazimika kuifuata hata kama ilikosea. Lakini nimeona waelekezi wazuri wakifanya kama usemavyo. BintiBuru amuulize mwigizaji mwenyewe wakati wa mazoezi. Wengine hulia vizuri zaidi mara ya tatu.

LenziMoja

Na kama wakichelewa kutoka Jogoo? Jua likizama limezama. Si bora hilo paa likashutiwa siku nyingine? Kijana ni mmoja, hana maneno, mtu mmoja na kamera ndogo anatosha. Harusini ndivyo tunavyofanya na picha za bustani.

KipangaSeti

LenziMoja, hapo umesema jambo. Picha ya kamera nyingine inaweza isifanane na ya siku ile, na hiyo ndiyo hofu yangu. Ningejaribu kwanza kugawa kikosi: shoti ya mwisho ya kibandani iwe ya mama peke yake, kijana atangulie Umoja saa 10:30 na mtu mmoja wa kupanga nafasi. Mpiga kamera anafuata kwa bodaboda, kamera kwenye begi mgongoni, wengine wanabaki kupakia taa.

BintiBuru

Asanteni sana. Kesho naenda Innercore kutafuta paa, na nitabeba dira. Nimekata vituo vinne, nimebaki na 18. Cha mwisho cha kukata ni ama kijana akitazama kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo katika onyesho la 1, ama mikono ya mama ikigusa alama nne za miguu ya cherehani sakafuni kibandani. Mngekata ipi?

SautiSafi

Ile mikono haina sauti. Iweke kwenye akiba, haihesabiki kama kituo iwapo kamera iko tayari kwenye mlango wa kibanda.

MwangaWaKijani

Inategemea. Sakafuni kwenye kibanda ni giza, mtahitaji taa, na stima mnaipata wapi pale?

BintiBuru

Stima ipo kwa jirani kinyozi. Jumamosi nitamuuliza kama waya unafika.